Duka la mtandaoni linataka ulipe kwanza: namna ya kulipima ukiwa Tanga

Kwa mtu wa Tanga anayenunua kitu cha Kariakoo, kulipa kabla ya kukiona ni jambo la kawaida. Mwenye duka hawezi kufunga mzigo, kuupeleka stendi ya Mbezi na kuupakia kwenye basi kwa ajili ya mteja asiyemjua, kisha akae akisubiri pesa. Naye anaogopa kutapeliwa. Kwa hiyo kudaiwa pesa kwanza peke yake si dalili ya utapeli, na anayekushauri usilipe kabla mzigo haujafika anakufungia na maduka ya kweli pia.

Tofauti iko pengine. Muuzaji wa kweli ana mahali, ana jina, na anafikika hata ukiondoa simu. Tapeli ana ukurasa na laini, basi. Hatua zote zinazofuata zinatafuta jambo hilo moja: nikitaka kumfikia mtu huyu nje ya simu yangu, nitamfikia?

Tuchukue mfano. Fundi cherehani wa Ngamiani anatafuta mashine ya overlock ya nyuzi nne, yenye meza na mota. Ameona ukurasa wa Instagram wenye wafuasi wengi, picha safi na video za mashine zikishona. Bei ni shilingi 480,000, na usafiri hadi Kange ni 20,000. Maduka mengine mawili aliyoyauliza yamemtajia 650,000 na 680,000. Anaandika kuulizia, na jibu linakuja ndani ya dakika moja: "Karibu sana kipenzi, zimebaki mbili tu. Ukilipia sasa hivi mzigo unaondoka na basi la usiku." Chini yake kuna namba ya simu ya kutumia pesa.

Tumfuate fundi huyu hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: ukurasa una umri gani, na zamani uliitwaje

Idadi ya wafuasi usiihesabu kuwa ushahidi, maana wafuasi wananunuliwa, na ukurasa mzima wenye wafuasi wake pia unauzwa. Kinachofaa kuangaliwa ni historia. Kwenye Instagram, fungua ukurasa wa duka, bonyeza vinukta vitatu vya juu, kisha "About this account". Kwa kurasa nyingi utaona mwezi na mwaka zilipofunguliwa, nchi zinakoendeshwa, na kama zimewahi kubadili jina. Kwenye Facebook tafuta "Page transparency", ambayo hukuonyesha tarehe ya kufunguliwa na majina yote ambayo ukurasa umewahi kutumia. Ukurasa ulioanza kama wa vichekesho au wa mpira, leo ukawa duka la cherehani, huenda umenunuliwa au umeibwa.

Kisha soma komenti. Zikiwa zimefungwa kwenye kila picha, jiulize kwa nini mfanyabiashara anawaziba mdomo wateja wake. Zikiwa wazi, usisome zile za "asante mzigo nimepata" tu, kwani hizo huandikwa na tapeli mwenyewe kwa akaunti nyingine. Fungua akaunti za walioandika uone kama ni watu wenye maisha: picha za miaka kadhaa, ndugu, harusi, kazi. Ukimpata mmoja anayeonekana ni mtu kweli, mwandikie kwa adabu umuulize alinunua nini na mzigo ulifikaje. Wengi hujibu.

Kuna ujanja mmoja unaowanasa hata watu makini. Tapeli hachukui jina la kubuni, anachukua la duka lililopo kweli. Ananakili picha zote, anaongeza nukta au herufi moja kwenye jina la akaunti, anaweka namba yake. Ukiulizia mjini utaambiwa "naam, duka hilo lipo", nawe utalipa kwa mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana jina la duka litafute upya mwenyewe kwenye sehemu ya kutafutia, uone kama kuna akaunti mbili zinazofanana, na uangalie ipi ni ya zamani. Namba ya simu ichukue kwenye ile ya zamani, au bora zaidi kwenye kibao cha duka lenyewe.

Fundi wetu anakuta ukurasa ulifunguliwa miezi mitano iliyopita na umebadili jina mara mbili. Hilo halitoshi kumhukumu mtu, kwa sababu duka changa lazima lianze siku moja. Lakini anaendelea mbele akiwa macho.

Hatua ya pili: jina linalotokea kabla pesa haijaondoka

Hapa ndipo kwenye kipimo kikubwa zaidi, nacho hakikugharimu hata senti. Ukiingia kwenye menyu ya kutuma pesa ya mtandao wako, iwe `*150*00#` ya M-Pesa, `*150*01#` ya Mixx by Yas, `*150*60#` ya Airtel Money au `*150*88#` ya HaloPesa, ukaweka namba ya mpokeaji na kiasi, menyu inakuletea jina la mwenye laini kabla muamala haujakamilika. Mitandao hutofautiana: mmoja hukuonyesha jina kabla ya namba ya siri, mwingine hukuonyesha baada yake kwenye ukurasa wa kuthibitisha. Weka shilingi 1,000 tu, soma jina, kisha ghairi au kata simu. Liandike jina hilo kama lilivyo.

Sasa uliza, bila kumwambia kuwa umeshaliona: "Namba hii imesajiliwa kwa jina gani?" Muuzaji wa kweli anataja papo hapo, tena wengi huandika kabisa kwenye tangazo, "jina litakuja fulani bin fulani". Tapeli ama anachelewa, ama anataja jina la duka. Ukimwambia jina lililotokea ni jingine, anakuja na hadithi: laini ni ya mhasibu, ni ya mke wa bosi, ya kwake imejaa. Akikupa namba ya pili yenye jina la tatu, hapo umeshapata jibu.

Tuwe waadilifu kwa wafanyabiashara wadogo. Dada anayeuza madera akiwa nyumbani kwake Chumbageni hupokea pesa kwa laini yake binafsi, na jina litakalotokea ni lake, si la duka. Hakuna kosa hapo. Unachotafuta si jina la duka kwenye simu, bali jina moja linalojirudia kila mahali: kwenye simu, kwenye risiti, kwenye leseni, na kwenye kinywa cha jirani yake.

Namba ya kulipia ya mfanyabiashara, ile tunayoiita Lipa Namba, ni hatua nzuri kuliko laini ya kawaida, kwa kuwa hutoka kwa mtandao baada ya usajili na jina la biashara hutokea unapolipa. Ila usiifanye kinga kamili. Hata mtu wa biashara ndogo sana huipata kwa urahisi, na jina lililomo linaweza kuwa la biashara isiyohusiana kabisa na unachonunua. Lipa Namba ya duka la cherehani ikileta jina la saluni, simama hapo hapo.

Jambo jingine la kujua ni kwamba laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, lakini matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine, mara nyingi vya watu wasio na habari. Kwa hiyo jina halisi la Mtanzania halisi likitokea haimaanishi kuwa ndiye unayeongea naye. Wewe mwenyewe piga `*106#` uangalie ni laini zipi zipo kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao huo wakaifute.

Fundi anaweka namba, linatokea jina la mwanamume. Kwenye WhatsApp anayejibu anajiita dada. Anapouliza, anaambiwa: "Huyo ni bosi wetu kipenzi, we tuma tu usiogope."

Hatua ya tatu: jina la biashara na BRELA

Muuzaji akidai biashara yake imesajiliwa, mwombe jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, pamoja na namba ya usajili. Jina hilo unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, `ors.brela.go.tz`. Halafu omba picha ya leseni ya biashara, ambayo hutolewa na halmashauri na huonyesha mahali biashara ilipo.

Hatua hii ina mpaka wake. Kusajili jina ni rahisi, na picha ya cheti inaweza kunakiliwa kutoka kwa mtu mwingine. Cheti kina maana pale tu jina la mmiliki linapolingana na lile uliloliona kwenye simu. Kama huna nafasi ya kufanya hatua zote, iruke hii, usiruke inayofuata.

Hatua ya nne: mfanye muuzaji atoke kwenye picha

Mwombe simu ya video, si video. Video iliyorekodiwa inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, ya Kariakoo au hata ya China. Kwenye simu ya video omba mambo ambayo hayawezi kuandaliwa mapema. Kwa overlock, fundi aombe mashine iwashwe, wapitishe kipande cha kitambaa cha rangi atakayoitaja yeye papo hapo, na kamera isogezwe kwenye kibati cha kichwa cha mashine asome namba. Mashine nzima ikishona utaisikia na utaona nyuzi zinavyokaa ukingoni. Kisha aombe mtu atoke na simu hadi mlangoni, aonyeshe kibao cha duka na cha jirani. Mwenye duka hufanya hivyo kwa dakika tatu, labda akinung'unika kidogo kwa kuwa ana wateja. Tapeli mtandao wake utakuwa mbovu leo, na kesho, na kesho kutwa.

Kipimo kikali kuliko vyote ni sentensi moja: "Nina ndugu yangu yuko Dar, atapita dukani kesho asubuhi aikague na alipe hapo hapo." Iseme hata kama huyo ndugu bado hujamwomba, ila ni vizuri zaidi awepo, kwani karibu kila nyumba ya Tanga ina mtu Dar. Muuzaji wa kweli anafurahi, maana ameshauza. Atakuelekeza mtaa, jengo na ghorofa, na atakwambia ukifika upige. Sikiliza anavyoelekeza: mtu wa Kariakoo hukuelekeza kwa mitaa na alama, "shuka Msimbazi, ingia Mtaa wa Kongo, uliza jengo fulani". Tapeli atasema wanauza mtandaoni tu, hawana duka. Au stoo yao iko Bagamoyo na haruhusiwi mteja kuingia. Au ofa inaisha leo saa kumi, na ndugu akija kesho atakuta zimekwisha.

Haraka hiyo ina kazi yake. Anajua ukipata usiku mmoja wa kulala na jambo hili, utamwuliza mtu.

Huyu wa fundi wetu aliposikia habari ya ndugu aliandika: "Sawa kipenzi ila lipia nusu kwanza tukuwekee, wateja ni wengi." Fundi akimjibu kuwa ndugu atakuja na pesa yote mkononi, ataachwa bila jibu, na asubuhi atakuta amezuiwa. Kwa jibu lake hilo fundi atakuwa amejiokolea laki tano.

Hatua ya tano: ukiridhika, lipa kwa mpango

Tuseme fundi amehamia kwenye lile duka la 650,000. Simu ya video imepigwa, binamu yake amepita Kariakoo na kuiona mashine. Kama binamu anaweza kulipa pale pale na kusindikiza mzigo hadi kwenye basi, hakuna njia bora zaidi. Kama hawezi, fundi aombe kulipa kwa awamu: nauli ya mzigo na sehemu ndogo ya bei kwanza, na iliyobaki mzigo ukishapokelewa na ofisi ya basi. Wapo wauzaji wanaokubali, hasa kwa mashine nzito. Wasiokubali si lazima wawe matapeli, lakini kwao ni lazima hatua ya pili na ya nne ziwe zimejibiwa bila kigugumizi.

Kabla ya kulipa, mapatano yote yawe kwa maandishi kwenye WhatsApp: aina ya mashine, namba ya kwenye kibati, bei, nani analipa usafiri, na kitakachotokea mashine ikifika mbovu. Baada ya kulipa, dai risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za TRA, kama muuzaji anaitumia. Ina namba ya uhakiki unayoweza kuingiza kwenye `verify.tra.go.tz`, na utaona jina la biashara iliyoitoa. Jina hilo lifanane na la Lipa Namba uliyolipia.

Ukishalipa, bei imefungwa. Ikija simu ya kudai "bima ya mzigo", "pesa ya kufungia", "faini ya mizani" au "ushuru wa Tanga", usitume hata shilingi. Kati ya Kariakoo na Kange hakuna ushuru wa forodha. Madai ya pili baada ya malipo ya kwanza ni utapeli, hata yakija kwa sauti ya upole na kiasi kidogo. Wengi wanaendelea kutuma kwa sababu wanaona uchungu kuiacha ile ya kwanza, na hapo ndipo wanapomalizwa.

Hatua ya sita: risiti ya basi na mzigo wenyewe

Mzigo unaosafiri kwa basi una risiti ya ofisi ya basi: jina na simu ya mtumaji, jina na simu ya mpokeaji, kilichomo, na namba ya mzigo. Muuzaji akikutumia picha ya risiti, usiipigie namba iliyoandikwa juu yake, kwani karatasi hizo hughushiwa na namba huwa ya mwenzake tapeli. Nenda Kange, au mtume kijana wa bodaboda unayemwamini, hadi kwenye ofisi ya basi lililotajwa, taja namba ya mzigo, waulize kama wameupokea Dar. Wao hupigiana wenyewe.

Mzigo ukifika, ufungue pale pale ofisini kabla hujasaini, na piga picha boksi likiwa limefungwa na likiwa linafunguliwa. Kwa fundi wetu, alinganishe namba ya kibati na ile aliyoisoma kwenye video, aangalie mota, meza na stendi yake. Kama ofisi ina umeme, awashe.

Kama pesa imeshakwenda

Piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, muda ule ule unapogundua. Usisubiri umtukane tapeli kwanza wala umbembeleze. Wape namba ya muamala iliyomo kwenye ujumbe wa malipo na uwaombe waizuie pesa. Ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji kuna nafasi. Ikishatolewa kwa wakala, mtandao hauna cha kurudisha, na matapeli hutoa pesa ndani ya dakika chache. Ndiyo maana dakika zako nazo ni za thamani.

Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili hiyo. Kisha nenda kituo cha polisi, ufungue shauri na uondoke na namba ya RB. Kosa hili liko ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na polisi ndio wenye uwezo wa kuutaka mtandao utoe taarifa za laini. Beba mazungumzo yote, ujumbe wa malipo, jina la ukurasa lilivyoandikwa herufi kwa herufi, na picha za skrini. Usifute chochote, na usimwambie tapeli kuwa umekwenda polisi, maana atafuta ukurasa.

Na ukieleza yaliyokukuta mtandaoni, siku hiyo hiyo anaweza kukufuata mtu anayejiita ofisa wa mtandao au mtaalamu wa kurudisha pesa, akitaka ada kidogo au namba yako ya siri. Ofisa wa kweli hakuulizi namba ya siri wala hadai ada kwa simu. Mkatie, na namba yake nayo itume 15040.